Karatasi ya Kumsemea

Alikuja Jumamosi mchana bila kunipigia simu, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Ijumbi hadi kwenye visigino. Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia na kuhamia nyumba yetu ya Kashai, hapa Bukoba, na wageni kutoka Muleba walikuwa wameanza kuadimika. Nilifurahi kumwona. Nalisema hilo mapema, maana mengi yanayofuata hayanipi sifa.

Alikuwa muuguzi mkunga. Kwa miaka mitatu alijitolea chini yangu kwenye wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya upande wa Kagoma, wilayani Muleba, mimi nikiwa msimamizi wa wodi. Kujitolea kwetu kunajulikana: unafanya kazi ile ile ya mwajiriwa, unavaa sare ile ile, lakini jina lako halimo kwenye orodha ya waajiriwa, na kila ukiuliza unaambiwa uvute subira. Wenzake wa chuo wengine walishapata ajira, wengine walishauacha uuguzi na kufungua maduka ya vipodozi. Yeye alibaki wodini. Baba yake kule Ijumbi alishaanza kumuuliza, mbele ya watu, kama kweli alisoma au alikuwa anatembea tu.

Aliweka sakafuni mkungu mdogo wa ndizi, na juu yake kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Kisha akakaa kwenye ncha ya kiti, magoti yamebanana, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mama, nimekuja kukuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Unaolewa?"

"Waitu Mama, hilo ningekuja na wazee!" Lile "waitu" ni la heshima kwa Kihaya. Alicheka kidogo, kisha akawa mzito tena. "Kuna shirika linatafuta mkunga wa kuzungukia visiwa na vijiji vya mbali vya Muleba. Ni ajira kamili, ya mkataba. Wanataka wadhamini watatu, watu wanaoweza kueleza utendaji wangu. Mwalimu wangu wa chuo amekubali, na mganga mfawidhi wa kituo amekubali. Wa tatu naomba uwe wewe, maana ndiwe uliyeniona kazini kila siku. Lakini sikutaka kuandika namba yako kabla hujaniruhusu."

"Kwa hiyo hilo tu ndilo limekutoa Ijumbi? Si ungeandika tu, mimi ni mtu wa nje?"

"Kuna wenzangu wanaandika tu, Mama. Halafu mtu anapigiwa simu anauliza, 'Nani huyo?' Mimi sitaki simu ikuvizie."

Nilimwambia nimekubali, tena kwa moyo wote. Hapo tungeishia, tukanywa chai na kuongea habari za wodi, kusingekuwa na cha kusimulia. Ila yeye alifungua bahasha ya kaki akatoa karatasi, zikiwa zimechapwa vizuri kwenye steshenari ya Muleba mjini. Ya kwanza ilikuwa tangazo la kazi. Ya pili ilikuwa wasifu wake. Ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja tu, na juu yake ameandika: "Mambo ya kumkumbusha Mama."

"Nimeandika kidogo mambo wanayoyatafuta," alisema, "na siku tulizoyafanya hayo mambo. Ili wakikupigia usianze kutafuta kichwani. Tukiipitia pamoja haitachukua hata dakika kumi."

Nilikasirika. Sikuonyesha, lakini nilikasirika. Niliona kama mtoto niliyemfundisha kushika mkasi wa kitovu amekuja kunifundisha cha kusema. Mimi niliwaandikia watu barua za tabia njema tangu yeye hajazaliwa. Nikaichukua ile karatasi, nikaikunja mara moja, nikaiweka kwenye meza ya kulia chakula na juu yake nikatua chupa ya chai.

"Nakujua kuliko karatasi," nilimwambia. "Wapige tu, watanikuta."

Alitazama ile chupa. Alichosema mwishowe ni kwamba simu huenda ikatoka Mwanza au Dar es Salaam kwa namba nisiyoifahamu, na kwamba ikinikuta mahali pa kelele naruhusiwa kuwaomba wapige baadaye, wala hawaoni vibaya. Nikaitika "ndiyo, ndiyo" ile ya kumwitikia mtu huku unamimina chai. Alipoondoka alinishukuru mara mbili, mlangoni na tena getini.

Inabidi nieleze jambo moja kunihusu mimi, si kwa kujitetea, bali kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa nilichokifanya. Nilisomea uuguzi mbali na Kagera, darasa zima tukiwa Wahaya wawili. Kila nikifungua mdomo nilikuwa "nshomile". Neno lenyewe kwa Kihaya ni "nimesoma" tu, lakini watu wa mikoa mingine wamelifanya jina letu la utani, wakimaanisha Mhaya hawezi kumaliza sentensi mbili bila kujisifu, kusifu shule yake, kusifu mjomba wake aliyeko Ulaya. Nikijibu swali darasani, wanacheka: nshomile huyo. Nikisema wodi yetu iko safi: nshomile huyo. Mwenzangu aliuchukulia kama utani, akawatania na yeye. Mimi uliniingia. Niliapa kwamba hakuna atakayenisikia nikijisifu wala nikisifu cha kwetu. Mtu akinisifia mwanangu, nasema anajitahidi. Akisifia nyumba, nasema bado haijaisha. Nilijiona mtu mnyenyekevu kweli kweli, na nadhani humo humo ndimo nilimoficha majivuno yangu.

Simu ilikuja wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa sokoni Bukoba, nimeinama juu ya fungu la ndizi, nabishana na mwanamama mmoja kama zile ni ndizi za kupika au za kutupa. Namba sikuijua. Nilipopokea nilisikia binti mwenye sauti ya adabu sana, na lafudhi isiyo ya kwetu hata kidogo.

"Shikamoo Mama. Samahani kwa usumbufu. Nakupigia kuhusu mwombaji aliyekuandika kama mdhamini wake. Tumebaki na waombaji wawili, na tungependa kusikia kutoka kwako. Je, ni wakati mzuri?"

Pale palikuwa na mkokoteni unapita, kuna mtu anatangaza dagaa kwa kipaza sauti, na yule mwanamama bado anasubiri jibu langu. Nikasema ni wakati mzuri.

"Umemfahamu kwa muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Unamwonaje kiutendaji?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwona yule binti mahali fulani kwenye ofisi yenye kiyoyozi, amesikia lafudhi yangu, ameshajua natoka wapi na mwombaji anatoka wapi, anangoja nianze. Nilihisi kabisa lile neno liko kwenye ncha ya ulimi wake. Basi nikampa kile nilichompa kila mtu kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Ni wa kawaida tu," nilisema. "Anajitahidi."

Nilisikia vidole vikigonga kibodi. Viligonga mara chache tu.

"Anaweza kufanya kazi peke yake, bila msimamizi karibu? Kazi yenyewe ni ya visiwani, kwa hiyo hilo kwetu ni muhimu sana."

"Aa, muda wote alikuwa chini yangu. Nilikuwa namwangalia."

"Hakuna mfano wowote wa siku alipolazimika kuamua mwenyewe?"

"Kwenye wodi yangu tulikuwa tunafanya kazi kwa pamoja."

"Sawa Mama. Na upungufu wake?"

"Upungufu hakosi, ni binadamu. Anauliza sana maswali. Lakini atazoea."

Alinishukuru kwa heshima ile ile, akakata. Na mimi, Mungu anisamehe, nilirudi kwenye ndizi zangu nikiwa nimeridhika. Kwa lugha yangu, "anajitahidi" ni neno kubwa. Watu wote wa wodi yangu walilijua: msimamizi akisema unajitahidi, unakwenda nyumbani unaimba. Sikuwaza hata kidogo kwamba huyu binti hakuwahi kufanya kazi kwenye wodi yangu.

Nilifika nyumbani, nikapika, nikala. Nilipoinua chupa ya chai kufuta meza ndipo nilipoiona ile karatasi, imepata alama ya duara ya kahawia. Sijui kwa nini niliifungua siku ile na si siku nyingine. Labda kuna kitu kilishaanza kunikera.

Ilikuwa fupi na imepangwa vizuri kama faili la mgonjwa. Juu aliandika jina la kazi na mambo matatu ambayo tangazo liliyasisitiza. La kwanza lilikuwa kufanya kazi peke yake na kuamua haraka. Chini yake aliandika hivi:

"Mama, kumbuka siku uliyokwenda kikaoni Muleba na mganga amekwenda kuchukua dawa. Yule mama wa Kishanda alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Nilimpa sindano ya kukaza kizazi, nikamwekea dripu mbili, nikakandamiza kizazi kwa mikono mpaka gari la wagonjwa likafika, nikapanda naye hadi hospitali. Wewe uliporudi ulikuta nimeshaandika kila kitu kwenye faili."

Nilikaa chini. Nilikuwa naikumbuka siku ile, tena vizuri. Niliikuta wodi imefagiliwa, faili limejazwa kwa saa na dakika, na yule msichana hayupo, yuko hospitali ya wilaya na damu ya watu kwenye sare yake. Mama yule alipona. Mtoto wake sasa anakimbia. Na kwa miaka yote nimekuwa nikiisimulia habari ile, kwenye mafunzo, kwenye sherehe yangu ya kuagwa, hata kanisani kwetu kwenye kikundi cha akina mama. Nilikuwa nasema "tulimwokoa". Tulimkandamiza, tuliweka dripu, tulipanda gari. Mimi siku hiyo nilikuwa Muleba mjini nakunywa soda kwenye ukumbi wa mikutano.

Hakuna aliyeniuliza habari hiyo kwa muda wote huo, na siku moja mtu mmoja aliponiuliza waziwazi, "hakuna mfano wowote?", nilimjibu kwamba tulikuwa tunafanya kwa pamoja.

Nilipiga ile namba. Iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena Ijumaa asubuhi mara nne, na mara ya nne yule binti akapokea. Nikamwambia kwamba mimi ni yule mdhamini wa jana, nilikuwa sokoni, sikusema vizuri, naomba niongeze. Nikaongeza. Nilimsomea karatasi yote, mstari kwa mstari, na pasipoandikwa nikaweka maneno yangu. Nilisema kwamba katika wakunga niliowahi kuwasimamia sikumbuki aliyempita. Nilisema maswali yake ndiyo yaliyonifanya nirudi kusoma vitabu nilivyovisahau. Kama angeniita nshomile ningemwitikia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, asante sana," alisema. "Kamati ilikaa jana jioni. Mwombaji mwingine ameshapigiwa na amekubali."

"Kwa sababu ya nilivyosema?"

"Hilo siruhusiwi kulieleza, Mama. Wanaangalia mambo mengi." Kisha akashusha sauti, nikahisi sasa naongea na mtu na si na ofisi. "Lakini ungeniambia tu nikupigie baadaye. Ningekupigia."

Jumapili nilipata ujumbe kutoka kwa binti yangu wa wodini. "Shikamoo Mama. Nafasi ile imekwenda kwa mwingine. Nakushukuru sana kwa kunisemea. Mungu akubariki." Niliusoma mara nyingi. Angenilaumu ningejua la kujibu. Niliandika "pole mwanangu", nikafuta. Nikaandika "nitakuja", nikatuma.

Wiki iliyofuata nilipanda gari la Muleba, nikashukia Kagoma, nikatembea hadi kituoni. Nilimkuta nyuma ya wodi anaanika mashuka. Sare ile ile, bado hayumo kwenye orodha. Aliponiona aliacha shuka likaning'inia upande mmoja, akaja kupiga goti kama binti wa kwetu anavyofundishwa, na mimi nikamzuia. Sikustahili lile goti, na sikuwa na nguvu ya kulipokea.

Nilimweleza yote pale pale, kamba ya mashuka ikiwa kati yetu. Sikupunguza. Nilimwambia soko, mkokoteni, "wa kawaida tu", "anajitahidi". Nilimwambia habari ya lile swali la mfano. Alisikiliza huku ananyoosha kona ya shuka kwa vidole, ananyoosha mahali palipokwisha kunyooka.

"Ulisema 'anajitahidi'," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi ningefurahi, Mama. Ungeniambia mimi, ningefurahi." Alijaribu kutabasamu, na machozi yakamtoka kabla tabasamu halijafika. "Ila wao hawakujui."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Wewe ni mama yangu." Alijifuta kwa mgongo wa mkono, kikazi, kama anavyojifuta mtu mwenye glavu. "Lakini nilikuandikia, Mama. Nilikuandikia."

Hakusema kwa hasira. Nafikiri angekasirika ningerudi Bukoba nikiwa na nafuu. Nilimsaidia kumalizia mashuka, tukiongea habari za mvua na za kituo. Nilipoaga aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini.

"Uliisoma mpaka nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

"Basi, Mama. Safari njema."

Ameshapata kazi sasa, mkoa mwingine kabisa, mbali na Ijumbi na mbali na visiwa alivyovitaka. Nilisikia kwa mganga mfawidhi, aliyekuwa mmoja wa wadhamini wake. Wa pili alikuwa yule mwalimu wa chuo. Wa tatu alikuwa muuguzi mmoja aliyeajiriwa kituoni mwaka juzi tu, aliyefanya naye kazi kwa miezi michache. Mganga alinieleza, bila kujua ananichoma, kwamba kabla ya kutuma maombi binti alikaa na kila mmoja wao, akawasomea tangazo, akahakikisha kila mtu amerudia kwa mdomo wake kile atakachoulizwa. Akacheka. "Siku hizi haachi kitu!" Mimi sikuombwa. Bado ananitumia salamu za Krismasi, tena ndefu, na kila mara anaulizia maumivu ya miguu yangu.

Jioni ile niliporudi kutoka Kagoma sikuvua hata viatu. Niliitoa karatasi kwenye kabati na kuigeuza. Upande wa mbele ulikuwa umechapwa, ndiyo maana sikuwahi kufikiria kuna upande wa pili. Nyuma aliandika kwa kalamu, bila shaka akiwa garini, maana herufi zilikuwa zimerukaruka:

"Mama, najua wewe hupendi kusifu mtu. Kwa miaka mitatu nilishazoea na sikuona vibaya. Naomba siku hiyo moja tu unisifu."

Nilisimama na ile karatasi jikoni. Halafu nikamsifu. Nilianza na yule mama wa Kishanda, nikaenda hadi kwenye maswali yake, mikono yake, faili zake, jinsi alivyokuwa anawaita wazazi kwa majina ya nyumbani kwao ili wasiogope. Nilisema kwa sauti, sentensi nzima nzima, bila "tu" na bila "kidogo". Nilisema mpaka nikamaliza, na hapakuwa na mtu upande wa pili wa kuandika.